Mintarafu: mstari unaofunguliwa au kupitwa

Kila mwanafunzi wa Kenya aliyeandika barua rasmi darasani analijua neno MINT:, kifupi cha mintarafu, au mwenzake KUH:. Huandikwa baada ya maamkizi na kupigiwa mstari. Barua pepe ina mstari uo huo, nao kwenye skrini huitwa Subject. Wengine huutafsiri kuwa mada, wengine kichwa. Mada hutaja tu uwanja wa mazungumzo. Mintarafu, neno lenye asili ya Kiarabu, humweleza mpokeaji barua inahusu shauri gani. Hata Re: inayotangulia majibu ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana hiyo hiyo, “katika shauri la”.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika ofisi ya ununuzi. Chukua kinu cha unga mjini Eldoret, mwezi wa Oktoba, mahindi ya Uasin Gishu yakianza kuingia. Meneja ameomba bei ya magunia kwa wauzaji kadhaa. Mmoja anajibu kwa kichwa “Salamu kutoka kwetu”, mwingine “Nafasi nzuri ya biashara”. Meneja yuko ghalani, simu mkononi, na hakuna hata kimoja kinachomwambia kwamba bei aliyoingoja imefika. Wa tatu ameandika:

```
Bei ya magunia 5,000, Ombi Na. 47, hadi 30 Oktoba
```

Hiyo itafunguliwa. Neno la kwanza linasema barua imeleta nini, kisha bidhaa na idadi yake, kisha namba ambayo meneja mwenyewe aliitoa na ndiyo atakayoitafuta wiki ijayo. Tarehe ya mwisho wa bei imewekwa nyuma kwa makusudi. Simu nyingi hukata mstari mrefu, na hapa alama 33 za mwanzo, pamoja na nafasi, zimekwisha kubeba shauri lote. Jina la kampuni halihitajiki, kwa kuwa tayari linasomeka mahali pa mtumaji.

Bei yenyewe, shilingi ngapi kwa gunia, isiwekwe hapo. Mstari huu husomwa na yeyote anayepita karibu na skrini. Katika zabuni za serikali jambo hilo ni zito zaidi, kwani Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka zabuni zibaki zimefungwa hadi saa ya kufunguliwa.

Kosa jingine hutokea baada ya kupata oda. Muuzaji huchukua barua ile ya bei, akabonyeza jibu, akaambatisha ankara. Mstari bado unasema “Bei”, na ankara inalala ndani ya mazungumzo yaliyokwisha huku malipo yakichelewa. Shauri likibadilika, barua mpya iandikwe: “Ankara ya magunia 5,000, LPO Na. 112”.

Kwa kazi hii, basi, mintarafu ndiyo istilahi inayofaa kuliko mada, na Wakenya tayari wanayo.