Zimwi Chubwichubwi

Mwandishi anayemwita zimwi wake Domokubwa ameshamtisha mtoto wa miaka miwili, kwa kuwa domo ni mdomo uliokuzwa. Chubwi, mlio wa kitu kidogo kinachotumbukia majini, unamfaa zaidi zimwi apendaye kuruka madimbwini. Ukirudiwa, Chubwichubwi, mtoto anausubiri mwisho wake na kucheka unapofika. Tipwatipwa nalo lina mdundo, lakini linamcheka mnene, na mtoto mnene huenda yumo kati ya wasikilizaji.

Wapo watakaosema mtoto hawezi kutamka bwi. Ni kweli, ila kicheko huanzia sikioni. Akisema Tubitubi, hadithi haiharibiki. Ukitaka jina jepesi kwa midomo, usikimbilie Bubu: hilo ni la asiyeweza kusema. Lisome jina kwa sauti, kisha litafute kwenye kamusi.