Doksisaiklini inavyokwamisha kiwanda cha bakteria

Ukimeza doksisaiklini, dawa hiyo haimpasui bakteria. Inaingia kwenye ribosomu yake, yaani kiwanda kinachounda protini, na kuziba nafasi moja tu.

Ribosomu ina vyumba vitatu: A, P na E. Kazi inaanza pale inapoushika uzi wa mRNA, wenye maelekezo ya protini, kwenye herufi AUG. tRNA ya kwanza, ikiwa na asidi amino yake, inakaa moja kwa moja chumba P.

Kisha mnyororo unarefushwa. tRNA nyingine iliyopakiwa asidi amino inaingia chumba A, mradi herufi zake tatu zioane na za mRNA. Mnyororo ulioko P unahamia kwenye mzigo huo mpya. Ribosomu inasogea herufi tatu, na tRNA iliyobaki bila mzigo inatokea chumba E. Mzunguko unarudiwa.

Ikifika UAA, UAG au UGA, hakuna tRNA ya kuingia. Badala yake protini maalumu inaingia A na kuukata mnyororo, kazi imekwisha.

Doksisaiklini inakaa pale A, hivyo tRNA yenye mzigo inakosa nafasi. Bakteria anaacha kukua lakini hafi papo hapo. Kinga ya mwili ndiyo inayommaliza. Dawa ikipungua mapema, inabanduka na ribosomu inarudi kazini. Ndiyo maana dozi haikatizwi ukishapata nafuu. Bakteria sugu wengine wana protini inayoing'oa dawa hapo A, na kwao dozi kamili nayo haitoshi.