Jedwali: Mikondo minne ya uchumi, na uhaba wa Tanzania miaka ya 1980

Ukisikia wachumi wawili wanabishana kuhusu bei, mara nyingi hawapingani kwenye hesabu. Wanapingana kwenye kitu walichokichukulia kuwa kweli kabla ya kuanza kuhesabu. Ndiyo maana kwenye jedwali hili safu ya kwanza baada ya jina ni dhana, yaani kile ambacho mkondo unaamini tangu mwanzo.

| Mkondo | Dhana | Hoja kuu | Unakosolewa kwa |
|---|---|---|---|
| Klasiki (Adam Smith, 1776) | Bei ziko huru kupanda na kushuka | Bei ikiachiwa, bidhaa zitakuja na uhaba utaisha | Inachukua muda, na mwenye kipato kidogo huumia kwanza |
| Keynes (1936) | Mishahara na bei hazishuki haraka. Wateja wanaweza kupungua | Uchumi ukilala, serikali itumie zaidi | Kama bidhaa hakuna, hela zaidi hupandisha bei tu |
| Fedha (Milton Friedman) | Kasi ya hela kuzunguka haibadiliki sana | Bei hupanda hela zikiongezeka kuliko bidhaa | Kasi hiyo hubadilika. Pia haisemi kwa nini serikali ilichapisha hela |
| Muundo (Raúl Prebisch) | Nchi inayouza mazao ghafi haifanani na yenye viwanda | Mazao hushuka thamani ukilinganisha na mashine zinazoagizwa; tatizo ni uzalishaji | Kulinda viwanda vya ndani kulizaa viwanda vizembe |

Sasa tulijaribu jedwali kwenye kisa ambacho wazee wetu wanakikumbuka vizuri: foleni za sukari, sabuni na unga.

Mgogoro wenyewe

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa imepigwa mara kadhaa. Mafuta yalipanda bei 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, kisha ikaja vita dhidi ya Idi Amin. Fedha za kigeni zikaisha.

Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likataka shilingi ishushwe thamani, serikali ibane matumizi na bei ziachiwe. Mwalimu Nyerere akakataa. Hoja yake ilikaribia mkondo wa muundo: mkahawa unachukua miaka kuzaa, kwa hiyo kushusha shilingi leo hakuleti magunia zaidi kesho. Kinachopanda mara moja ni bei ya vitu vinavyotoka nje.

Mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilikamatwa, lakini foleni hazikuisha. Mtu wa mkondo wa klasiki angekwambia sababu: bei iliyopangwa na serikali ilikuwa chini mno, hivyo mwenye mali aliona heri auze kwa magendo.

Nani alikuwa sahihi?

Kila mkondo ulipata kipande chake.

Kwenye rafu za maduka, klasiki ilishinda. Kuanzia 1984 watu wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na vitu vikaanza kuonekana tena, ingawa si kila mtu aliweza kuvinunua.

Kwenye mfumuko wa bei, mkondo wa fedha ulikuwa na hoja nzito. Rais Mwinyi alikubaliana na IMF mwaka 1986, na shilingi ikashushwa kutoka karibu 17 kwa dola mwanzoni mwa mwaka hadi karibu 40 katikati yake. Hata hivyo bei ziliendelea kupanda kwa miaka mingi, kwa sababu mikopo ya benki kwa mashirika ya umma na serikali iliendelea kuongeza hela. Serikali ilianza kutumia kile tu ilichokusanya mwaka 1996, na kufikia 1999 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10.

Kwenye mkahawa, mkondo wa muundo haukukosea. Makubaliano ya kimataifa ya mgao wa mkahawa yalipovunjika 1989, bei ya dunia iliporomoka, na mkulima wa Kilimanjaro hakuwa na la kufanya.

Na Keynes? Hapa ndipo safu ya dhana inapoonyesha kazi yake. Viwanda vya Tanzania vililala kweli, lakini vilikosa vipuri na malighafi, si wateja. Wateja walikuwa wamejipanga foleni nje. Kuwapa hela zaidi kusingewasha mashine hata moja.

Jinsi ya kulitumia jedwali

Ukisoma pendekezo lolote la uchumi, usianze na hoja kuu. Anza na dhana, kisha uliza kama ni kweli hapa, leo. Viwanda vimekosa wateja au vimekosa mitambo? Hela zimeongezeka, au mafuta yamepanda huko nje? Jibu likibadilika, dawa nayo inabadilika, hata kama dalili mtaani ni ileile: bei imepanda.