Mto, mtu au mti? Ngozi za Sinai na lugha ya Waudi

Leo twende mbali kidogo, mpaka milima ya Kaukasi na jangwa la Sinai. Nina sababu ya kuwapeleka huko. Siku hizi kila mwenye simu anaweza kupiga picha ukurasa wowote na kuiambia programu itafsiri. Kwa Kiingereza au Kifaransa mambo huenda vizuri tu. Sasa jaribu na kitabu cha zamani cha sala cha Kichaga. Utakutana na neno Ruwa, ambalo kwa Wachaga ni Mungu na pia ni jua. Programu isiyofundishwa Kichaga inaweza kudhani ni jina la mtu, au ikalipachika maana ya neno linalofanana nalo katika lugha nyingine. Na jibu litakuja kwa maandishi safi yaleyale, bila alama yoyote ya kukuonyesha mahali ilipobahatisha.

Kuna watu waliowahi kukabiliwa na picha ngumu kuliko hiyo, za lugha iliyokufa ambayo ndugu yake pekee aliye karibu leo anazungumzwa na watu elfu chache tu. Walichofanya nadhani kina faida kwetu.

Zamani, mashariki ya Kaukasi, sehemu ambayo leo kubwa yake iko ndani ya Azerbaijan, kulikuwa na ufalme ulioitwa Albania. Hauna uhusiano na Albania ya Ulaya, ni majina tu yamefanana. Watu wake walipokea Ukristo mapema, na mapokeo ya Waarmenia yanasema walipata alfabeti yao katika karne ya 5. Baadaye ufalme ukaisha, lugha ikafifia, na vitabu vyote vikapotea. Kwa karne nyingi Waalbania wa Kaukasi walijulikana kwa yale tu ambayo majirani waliandika kuwahusu.

Mwaka 1937 mtaalamu wa Georgia, Ilia Abuladze, alikuta alfabeti hiyo ndani ya kitabu cha Kiarmenia cha karne ya 15, kilichoorodhesha alfabeti za mataifa mbalimbali. Herufi zilikuwa 52, kila moja na jina lake. Furaha ilikuwa kubwa, lakini chombo chenyewe kilikuwa dhaifu. Orodha ilinakiliwa na watu wasioijua lugha, kwa hiyo maumbo ya herufi yalipinda kila yaliponakiliwa. Halafu majina ya herufi yaliandikwa kwa Kiarmenia, chenye herufi chache zaidi. Sauti mbili tofauti za Kialbania zikijikuta zimeandikwa kwa herufi moja ya Kiarmenia, msomaji hana njia ya kujua ipi ni ipi.

Miaka kumi hivi baadaye, wachimbaji wa mambo ya kale huko Mingachevir, Azerbaijan, wakatoa ardhini jiwe lenye maandishi hayo pamoja na vipande vingine vidogo. Watu wakalisoma kwa kutumia ile orodha, na kila mmoja akatoka na lake. Waliona herufi, wengine wakazitamka, lakini hawakuwa na kitu cha kupima kama wamepatia. Maandishi yalikuwa mafupi na hayakuwa na nakala katika lugha nyingine.

Tuhamie sasa Sinai, Misri, kwenye Monasteri ya Mtakatifu Katarina. Mwaka 1975, baada ya moto, watawa waligundua chumba kilichosahaulika chenye vitabu vya kale vingi. Baadhi vilikuwa vya Kijojia, vimeungua na kurasa zake zimegandamana. Wataalamu kutoka Georgia walipovichunguza waliona kwamba chini ya Kijojia kuna maandishi mengine yaliyofifia. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, kwa hiyo mwandishi wa zamani alichukua kitabu kisichokuwa na msomaji tena, akakifuta, akaandika juu yake. Mwaka 1996 Zaza Aleksidze alitambua kwamba maandishi ya chini yalikuwa ni ya Kialbania cha Kaukasi.

Hapo ndipo kazi ya picha ilipoanza. Wino uliofutwa hauonekani kwa macho ya kawaida, lakini chini ya mwanga wa urujuanimno ngozi hung'aa na mahali palipopita wino hubaki peusi. Baadaye walipiga picha za ukurasa mmoja chini ya mianga ya aina nyingi, kisha kompyuta ikazichanganya ili wino wa juu upungue na wa chini uonekane. Hata hivyo palipotoboka au kuungua hakuna picha inayoweza kurudisha kitu. Na pale mstari wa Kijojia ulipopita juu ya herufi ya Kialbania, unaweza kuona mguu wa herufi tu ukabaki unajiuliza ni ya nani.

Aleksidze alianza na majina. Jina la mtu au la mji hubadilika kidogo tu kutoka lugha moja hadi nyingine, kwa hiyo vichwa vya habari vilivyomtaja Paulo na watu aliowaandikia vilimpa mlango wa kuingilia. Kisha akaona mahali ambapo neno moja linarudiarudia kwa karibu sana. Ukiwa umeshajua kwamba unasoma nyaraka za Paulo, hapo una mahali pa kutafuta: katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 11, Paulo anaorodhesha hatari alizozipitia, na neno hatari linajirudia kama wimbo. Kumbe kitabu kilikuwa ni cha masomo ya ibada. Kikapatikana na cha pili, Injili ya Yohana, ambacho kilikuwa kimefutika zaidi.

Maana ya maneno waliitafuta kwa kulinganisha na Biblia za Kiarmenia, Kijojia na Kigiriki, halafu wakapima kwa Kiudi. Waudi ni wachache, na wengi wa walioko Azerbaijan wanaishi katika kijiji cha Nij. Mwaka 1902 Injili zilichapishwa kwa Kiudi huko Tiflis, yaani Tbilisi ya leo, na kitabu hicho kikawa msaada mkubwa. Neno la kale likifanana na la Kiudi, na mahali pake katika aya pakikubali, unakuwa na mashahidi wawili. Lakini Kiudi cha leo kimepita miaka zaidi ya elfu moja na kimekopa maneno mengi kwa majirani, kwa hiyo kimya chake hakikanushi kitu, na kufanana peke yake hakutoshi.

Mwaka 2008 Aleksidze pamoja na Jost Gippert, Wolfgang Schulze na Jean-Pierre Mahé walichapisha matokeo. Mimi kilichonivutia zaidi ni mabano. Niwaeleze kwa mfano wangu wa Kiswahili.

Chukua picha yenye neno la herufi tatu. Unaona "mt", ya tatu imeungua. Inaweza kuwa mto, mtu au mti. Ikiwa aya ni ile ya hatari za Paulo, na Biblia nyingine zote hapo zina mto, utaandika mt[o]. Mabano ya mraba yanamwambia msomaji kwamba hiyo "o" haimo kwenye ngozi, imetoka kwako. Kama herufi inaonekana nusu, unaweka nukta chini yake: nimeiona, ila siwezi kuapa. Na kama neno hilohilo liko kwenye jiwe lisilo na nakala popote, unaandika mt[.] na kuishia hapo. Hujui kama ni mto, mtu au mti, na msomaji ana haki ya kujua kwamba hujui.

Mabano hayo yana kazi kubwa kuliko adabu ya kitaaluma. Wataalamu wanauliza: Biblia hii ilitafsiriwa kutoka Kiarmenia, Kijojia au lugha nyingine? Ukijaza pengo kwa kufuata Kiarmenia, halafu ukasahau ulilijaza wewe, kesho utalitumia pengo hilohilo kuthibitisha kwamba ilitoka Kiarmenia. Utakuwa umejiuliza swali na kujijibu mwenyewe. Mabano ndiyo yanayomwezesha mtu mwingine kuvitoa vya kwako na kubaki na vya ngozi.

Na hapa pana watu. Azerbaijan na Armenia zimevutana kwa miaka mingi kuhusu urithi wa Albania hii, makanisa ya zamani yamo ndani ya mvutano huo, na Waudi wanajihesabu kuwa warithi wake. Neno moja lililojazwa kwa kubahatisha, likachapishwa bila mabano, linaweza kubebwa kesho kama ushahidi wa nani alikuwa mwenye nchi.

Kuna mpaka mwingine ambao hauondolewi na kamera. Karibu kila kitu tunachojua cha lugha hii kimetokana na Maandiko. Maneno ya mtume, imani na hatari tunayo. Maneno ya bei sokoni na ugomvi wa majirani hatuna, na tusidhani tunaweza kuyapata kwa kuvumbua. Hata jiwe la Mingachevir, ingawa sasa linasomeka vizuri zaidi na jina la mfalme Hosro wa Uajemi linatambulika, halina nakala ya kulipima kama zilivyokuwa nazo ngozi.

Turudi kwenye simu. Mwaka 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye programu yake ya kutafsiri, na Kiudi hakikuwamo. Ukipiga picha ya maandishi ya Kiudi cha leo, programu hufanya mambo mawili: kwanza inatambua herufi, kisha inatafsiri. Ikikosea herufi moja, hatua ya pili inapokea kosa kama ukweli. Na kwa kuwa lugha yenyewe haiijui, itaelekea kushika maneno yaliyokopwa kutoka lugha inayoijua, na kuyaunga yaliyobaki kwa kukisia. Jaribio dogo linasaidia: ipe mstari mmoja mmoja badala ya ukurasa mzima, halafu rudia kwa picha nyingine ya ukurasa huohuo. Tafsiri ikibadilika wakati maandishi ni yaleyale, ilikuwa inabahatisha. Ila isipobadilika, usishangilie. Kosa nalo linaweza kurudiwa vilevile.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya barua ya babu kwa lugha isiyojulikana na mashine, andika kwanza herufi unazoziona, kama zilivyo. Chini yake andika maneno uliyothibitishiwa na mzungumzaji wa lugha hiyo, na useme ni yapi. Yanayobaki yaache na nukta zake. Ukurasa wako utakuwa na matundu kama ngozi ya Sinai, na mjukuu atakayekuja na picha bora au kamusi mpya atajua pa kuanzia.