Yahya, Yohana na Daftari la Huruma

Katika daftari la kikundi chetu cha mazishi hapa Huruma, Eldoret, jina moja limeandikwa kwa namna tano. Kuna John, fundi wa pikipiki. Kuna Johana, kama mama mboga anavyomwita mumewe aliyekulia Nyeri. Kuna Yohana, mzee wa upande wa Bungoma, na Yohane, Mkatoliki aliyehamia kutoka Tanzania. Wa tano ni Yahya, muuza mitumba. Mwaka jana mweka hazina alitaka wote waandikwe John, kama vitambulisho vya wengi wao vinavyosema, ili hesabu ziwe rahisi. Wanne wa kwanza walikubali shingo upande. Kwa Yahya mkutano ukagawanyika. Kijana mmoja mhubiri alisimama akasema Yahya si Yohana hata kidogo, bali ni jina lililoharibika mikononi mwa watu wasiojua kusoma vizuri.

Dai hilo si la kijana huyo peke yake. Limezunguka vitabuni kwa muda mrefu, na linastahili kujibiwa na mtu aliyelifuatilia.

Asili ya jina haina ubishi. Ni Kiebrania: Yehohanan, kwa ufupi Yohanan. Kipande cha mbele ni jina la Mungu, na cha nyuma ni kitenzi kinachobeba maana ya kufadhili, kuonea huruma. Mungu ameona huruma, ndiyo maana yake. Wagiriki walipolipokea hawakuwa na herufi ya ile H nzito inayotoka kooni, wakaiacha, wakaongeza mwisho unaofuata sarufi yao, likawa Ioannes. Kilatini kikalichukua kutoka hapo, na Walatini wengi wakairudisha H katika maandishi: Iohannes. Ulaya yote ikapata majina yake kutoka kwenye umbo hilo, Johann, Jean, Juan, João, Giovanni, John. Wahabeshi wanasema Yohannes, na umbo lao linaonyesha safari vizuri: S ya mwisho ni ya Kigiriki, lakini ile H ya kooni wanayo, kwa kuwa lugha yao ni jamaa ya Kiebrania na sauti hiyo hawakuwa na haja ya kuitupa.

Kwa hiyo njia ya jina hujulikana kwa kutazama katikati na mwisho wake. Mfano mzuri uko jirani, Uganda. Kiganda cha asili hakina sauti H. Waprotestanti walioletewa Maandiko na Waingereza wakaweka K mahali pake, wakapata Yokana. Wakatoliki, waliofundishwa na mapadre Wafaransa waliozoea Kilatini, hawakutafuta mbadala wa H. Waliacha irabu zikutane na W ikajipenyeza kati yake, wakapata Yowana. Mtu akijitambulisha kwa jina lake Kampala, watu wa zamani walijua anasali wapi kabla hajataja kanisa. Kwa Kiswahili tofauti ni ndogo zaidi: Wakatoliki wengi husema Papa Yohane Paulo wa Pili, na Yohana imekaa kwa Waprotestanti, ingawa mpaka huo haukuwekwa kwa ukuta.

Hata Eldoret yenyewe ina Yohana wake aliyejificha. Makaburu waliofika Uasin Gishu kwa magari ya ng'ombe mwaka 1908 waliongozwa na Jansen van Rensburg. Jansen ni mwana wa Jan, na Jan ni Johannes kwa Kiholanzi. Mji nao ulijulikana kwa namba ya shamba, 64, kabla haujapewa jina la Eldoret mwaka 1912, na hesabu hiyo ya Kiingereza ikipita katika vinywa vya Wakalenjin ikawa Sisibo. Hakuna aliyewahi kusimama mkutanoni hapa kudai kwamba Sisibo ni mji mwingine.

Sasa Yahya. Hoja ya wanaosema jina limeharibika ni ya wino. Mwandiko wa Kiarabu wa karne ya kwanza ya Uislamu haukuwa na nukta nyingi kama wa leo, na katikati ya neno herufi N na herufi Y ni jino lile lile; nukta moja juu ni N, nukta mbili chini ni Y. Basi, wanasema, mtu aliona umbo la Yuhanna akalisoma Yahya. Hoja ina mvuto, maana inaweza kuonyeshwa kwa kalamu ubaoni.

Lakini ichukue kalamu mwenyewe. Yuhanna, kama Wakristo Waarabu walivyoliandika na wanavyoliandika, lina herufi ya W baada ya Y ya mwanzo, na mwisho lina alifu. Yahya haina W hiyo, na mwisho wake ni Y. Ili nukta ziwe ndizo zilizokosea, kwanza uiondoe W, kisha uubadilishe mwisho. Hapo kosa la nukta limekuwa kosa la herufi tatu. La pili ni zito zaidi: Kurani haikufika kwa wasikilizaji wake wa kwanza kwa kusomwa kutoka karatasi. Ilikaririwa kwa sauti, ikahifadhiwa vifuani, na jina hili linatajwa mara tano, katika sura nne. Watu waliolihifadhi kwa masikio hawakuhitaji nukta ili kulijua. Mimi naona hoja ya wino imepewa heshima kuliko inavyostahili, kwa sababu tu ni rahisi kuichora.

Kuna jambo ambalo wale wanaobishana kuhusu nukta hulipita bila kusimama. Katika Sura Maryam, aya ya 13, palipotajwa alichopewa Yahya utotoni, kuna neno hanan: huruma, upole kutoka kwa Mungu. Neno hilo limekuja mara moja tu katika Kurani nzima, na limekuja kwake. Nalo ni la mzizi ule ule uliomo katika Yohanan ya Kiebrania. Umbo la jina limebadilika hadi Mwarabu analisikia kama anaishi, maana mzizi wake kwa sikio lake ni uhai, lakini maana ya kale imekaa aya chache mbele, ikimsubiri anayejua lugha zote mbili. Sidai kwamba hili linathibitisha jina lilifuata njia gani kabla ya kufika Hijazi. Linathibitisha kwamba anayesimuliwa pale ni mwana wa Zakaria ambaye jina lake ni huruma.

Aya ya 7 ya sura hiyo nayo imeleta mzozo wake. Inasema kwamba kabla yake Mungu hakumpa samiyy yeyote, na wengi huielewa kuwa hakuna aliyeitwa jina hilo. Wapinzani hujibu haraka kwamba Yohanani mwana wa Karea yumo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, karne kadhaa kabla. Ni kweli yumo. Ila wafasiri wa Kiislamu wamekuwa na majibu mawili ya miaka mingi, na yote mawili yana uzito: kwamba ni umbo la Yahya ndilo jipya, au kwamba samiyy hapo maana yake ni mfano, anayelingana naye, kama neno hilo hilo linavyotumika mbele katika aya ya 65 kumhusu Mungu. Tena Luka naye anasimulia jambo linalofanana sana. Majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, mama akakataa, wakamwambia hakuna katika ukoo wake mwenye jina hilo, na baba aliyekuwa bubu akaomba kibao akaandika Yohana. Simulizi zote mbili zinakumbuka kwamba jina liliwashangaza watu.

Kiswahili kililipokeaje? Hapa kuna watu wawili ambao hatuwataji vya kutosha kwa majina yao. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akitoka Uhabeshi, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwaka 1846 akaungana naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Yohana wawili, basi, wakiishi katikati ya watu ambao jina hilo walilijua kwa umbo la Yahya tangu mababu zao. Krapf alichagua herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu ambazo pwani ilikuwa ikiziandikia Kiswahili kwa karne kadhaa, na sababu mojawapo ilikuwa kuukwepa ushawishi wa Kiislamu.

Matokeo ya chaguo la aina hiyo yanaonekana hadi leo katika Biblia ya Muungano ya 1952. Ifungue uyasome majina tu. Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani, Ayubu: majina ya pwani, kama yalivyotamkwa misikitini na majumbani. Kisha Isaka, Eliya, Yona, Yohana, Yesu: majina yaliyokuja melini. Kitabu kimoja kina milango miwili. Kwa maoni yangu mstari ulipita pale dini mbili zinapogombea mtu. Musa hakuwa na ugomvi, akabaki Musa. Mtangulizi wa Yesu hakuweza kuitwa Yahya mahali ambapo Yesu mwenyewe hakuitwa Isa. Eliya na Yona siwezi kuwaeleza kwa kanuni hiyo, na sitalazimisha. Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990 ikaufunga mlango wa pwani kwa sehemu kubwa, ikaandika Noa, Abrahamu, Mose, Solomoni. Najua waliotaka hivyo walikuwa na nia njema, lakini Kiswahili kilipoteza kitu kilichokuwa chake.

Tafsiri za Kurani kwa Kiswahili hazikuyumba. Ya Godfrey Dale, padre wa Kianglikana, ilitoka 1923, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika 1969 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Zote zinasema Yahya.

Huku kwetu jambo hili lina gharama. Mwanachama mmoja alipofariki, kitambulisho kilisema John, cheti cha ubatizo Yohane, kadi ya bima Johana. Ofisi iliyotakiwa kulipa fidia ilishikilia kwamba hao ni watu watatu, na mjane alikwenda kwa wakili mara mbili kutafuta hati ya kiapo kabla ya kulipwa. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mweka hazina wetu kwa kutaka jina moja.

Mkutano uliofuata niliomba tuchore safu mbili: moja ya jina la kitambulisho, lililonakiliwa herufi kwa herufi bila kurekebishwa, nyingine ya jina ambalo mtu anaitwa na watu wake. Kijana mhubiri aliishika rula. Mzee wa Bungoma alisema Yohana, wa Tanzania akasema Yohane. Muuza mitumba alipofikiwa alisema Yahya katika safu zote mbili, kisha akaongeza jina la baba yake, ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kumuuliza. Ni Zakaria.