Tumaini Halikutafsiriwa: Majina Mawili ya Dzaleka

Mwalimu afundishaye tafsiri huulizwa mapema sana swali hili: jina lenye maana, je, litafsiriwe au liachwe kama lilivyo? Aghalabu jibu hutolewa upesi, kwamba majina hayatafsiriwi, na somo likaendelea. Jibu hilo si la uwongo, lakini halitoshi, kwa kuwa halimwambii mwanafunzi ni kitu gani kinachopotea jina linapotafsiriwa, wala ni kitu gani kinachofichika lisipotafsiriwa. Sisi tumeona yafaa kulichunguza swali hili mahali ambapo Kiswahili kinaishi ugenini na kusemwa kila siku kando ya lugha nyingine nyingi. Mahali penyewe ni Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya mji mkuu wa Lilongwe. Hapo pana majina mawili yenye maana iliyo wazi kwa wenye lugha yao: moja ni la Kichewa na la pili ni la Kiswahili. Yote mawili yameachwa bila kutafsiriwa, lakini kwa sababu zilizo mbalimbali.

Tuanze na la Kichewa. Kabla ya kuwa makazi ya wakimbizi, Dzaleka palikuwa gereza, na katika miaka ya utawala wa Dakta Hastings Kamuzu Banda palifungwa watu kwa sababu za kisiasa. Jina lenyewe limetokana na kitenzi *kuleka*, yaani kuacha, kukoma kufanya jambo. Mchewa husema *ndidzaleka*: *ndi-* ni kiambishi cha mimi, *-dza-* ni cha wakati ujao, na *-leka* ni shina. Kwa Kiswahili tungesema "nitaacha". Jina la mahali limeondoa kiambishi cha nafsi likabakiza hayo mengine. Mrundi na Mnyarwanda, ambao lugha zao zina *kureka* kwa maana hiyo hiyo, hawahitaji kamusi ili kulinusa shina hilo.

Sasa tazama yaliyolipata jina hili katika kutafsiriwa. Waandishi wa Kiingereza wamezoea kulieleza kwa sentensi nzima yenye maana ya "sitarudia tena kamwe". Maelezo hayo yanakubaliana na roho ya gereza, lakini katika neno la Kichewa hamna kukanusha, hamna "tena", wala hamna "kamwe". Kilichomo ni kuacha tu, na wakati ujao. Mfasiri ameingiza sauti ya mfungwa anayetubu, ambayo katika jina lenyewe hudokezwa bila kutamkwa. Hatusemi kwamba amekosa. Tunasema kwamba ametoa ufafanuzi, na ufafanuzi haufai kukaa mahali pa jina.

Historia ikaligeuza jambo hili likawa zito zaidi. Mwaka 1994, mwaka ule ule ambao Banda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, Dzaleka ilifanywa kambi ya wakimbizi chini ya uangalizi wa Serikali ya Malawi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Wakaja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na baadaye watu wa Pembe ya Afrika. Kambi iliyokusudiwa watu elfu kumi na kitu ilikuwa imepita watu 50,000 kufikia mwaka 2023. Lau jina lingetafsiriwa katika lugha za hao waliokuja, mtu aliyekimbia vita angelazimika kuandika katika barua zake kwamba anakaa "Nitaacha", kana kwamba yeye ndiye aliyetenda kosa. Kwa kubaki katika Kichewa, jina limekuwa la mahali tu kwa mgeni, na kwa Mmalawi limebaki kumbukumbu ya watu waliofungwa pale. Hapa kutotafsiri kunawahifadhi wote wawili. Mwalimu atakayeeleza maana yake darasani na aieleze pamoja na gereza lake, maana bila gereza jina hilo huonekana kama mzaha.

Jina la pili ni Tumaini. Mwaka 2014 mshairi na msanii Mkongo aliyekuwa mkimbizi Dzaleka, Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye zaidi kwa jina la Menes la Plume, alianzisha tamasha la muziki, ngoma, michezo ya kuigiza na mashairi ndani ya kambi hiyo. Watu wa Lilongwe na wasanii wa nchi nyingine hufunga safari kwenda kambini, badala ya wakimbizi kuwafuata wao mjini. Tamasha likaitwa kwa neno la Kiswahili, na chama kinacholiendesha kikaitwa Tumaini Letu. Jambo hili halikuwa la lazima. Lugha ya wenyeji ni Kichewa, lugha ya ofisi ni Kiingereza, na mwanzilishi mwenyewe anatoka nchi ambayo lugha yake ya shule ni Kifaransa. Njia tatu nyingine zilikuwa wazi, na inafaa tuzipime moja moja.

Kwa Kiingereza jina lingekuwa *Hope*. Neno hilo ni fupi na linaeleweka na wengi, na huko ndiko kwenye udhaifu wake. Shule, zahanati na miradi isiyo na hesabu katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini imekwisha kuitwa hivyo, hata neno limekuwa kama rangi ya ukuta. Msomaji hulipita bila kuuliza. Kwa Kifaransa pangehitajika kuchagua baina ya *espoir*, ambalo ni tumaini la kila siku, na *espérance*, lililo la juu zaidi na lenye harufu ya kanisa. Kiswahili hakimlazimishi mtu kuchagua hivyo, kwani neno moja hutumika sokoni na katika ibada.

Kichewa ndicho kilichostahili kufikiriwa zaidi, kwa kuwa ni lugha ya wenyeji. Neno lake ni *chiyembekezo*, nalo ni neno zuri. Lakini limetokana na kitenzi *kuyembekezera*, ambacho maana yake ni kutumaini na pia kungojea. Katika kambi ambamo watu wamengojea miaka mingi majibu ya maombi yao, na ambamo sheria haiwaruhusu kukaa na kufanya kazi watakapo nje ya kambi, jina lenye shina la kungojea lingesikika vingine. Pengine lingekuwa na ukweli zaidi! Lakini tamasha halikutaka kusema kwamba watu wanangoja.

Neno la Kiswahili nalo lina mitego yake. Katika Kiswahili mtu hukata tamaa, hakati tumaini, na kwa sababu hiyo mwanafunzi anayetafuta neno la Kiswahili la *hope* aweza kuangukia *tamaa*, kisha akaita tamasha lake jina la uroho. Tena wapo wanaodhani *tu-* ya mwanzo ni kiambishi cha sisi, hasa Warundi na Wanyarwanda ambao kwao *tu-* ni ya sisi kama kwetu. Tumaini ni neno la ngeli ya LI-YA, na *tu* ni sehemu ya shina. Ndiyo maana tunasema tumaini *letu*, na wingi wake ni matumaini *yetu*. Kosa la "Tumaini Yetu" husikika mara kwa mara, na mwalimu aweza kulirekebisha kwa kulitumia jina hili lenyewe kama mfano.

Ila neno hili lina sifa moja ambayo wapimaji wa majina huisahau: linatamkika. Lina silabi nne za wazi, *tu-ma-i-ni*, bila sauti yoyote ambayo Mchewa, Mrundi, Mkongo au Mwingereza hana. Halina *gh* wala *dh*, wala halina *r* na *l* ambazo lugha nyingi za Kibantu huzibadilishana. Linganisha na Dzaleka, ambayo *dz* yake Mswahili asiyeizoea huigeuza kuwa *z*. Jina likitamkika na kila mtu, mgeni hulichukua mdomoni kabla ya kujua maana, kisha huuliza maana yake, na swali lake humpa mkimbizi nafasi ya kuwa mwalimu. Nafasi ya namna hiyo ni adimu kambini. Mmalawi naye hashangazwi na jina la aina hii. Tangu mwaka 1971 fedha yake inaitwa *kwacha*, yaani kumekucha, na senti zake zikaitwa *tambala*, yaani jogoo, na Waingereza wenyewe walijifunza kuyasema maneno hayo bila kuyatafsiri.

Lakini tusidhani kwamba katika jina la tamasha hakuna lililotafsiriwa. Kwa Kiingereza huandikwa *Tumaini Festival*, na sisi husema Tamasha la Tumaini. Jina hili lina pande mbili. Upande mmoja hutaja ni kitu cha aina gani, na huo hutafsiriwa na kufuata mpangilio wa lugha inayopokea. Upande wa pili ndio kiini, na hubaki. Kanuni hii hufaa kwa majina mengi, lakini ina mpaka wake, na mpaka huo huonekana Lilongwe. Mitaa ya mji huo huitwa kwa namba: *Area* 18, *Area* 25, *Area* 47. Kwa kanuni yetu tungeandika "Eneo la 18". Hata hivyo msafiri atakayemwambia kondakta maneno hayo huenda akapelekwa kusikojulikana, maana hapo neno la aina limekwisha kuganda na kuwa sehemu ya kiini. Dalili ya kuganda ni hii: wenyeji hawalitafsiri hata wanapozungumza lugha yao.

Jina la mwanzilishi nalo ni somo. *Plume* kwa Kifaransa ni unyoya, tena ni kalamu, kwa kuwa zamani watu waliandika kwa unyoya. Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote mawili. Ukimwita Menes Kalamu umemwondolea wepesi, na ukimwita Menes Unyoya umemwondolea uandishi. Kwa hiyo jina huachwa, na maelezo huwekwa mara moja tu, pale jina linapotajwa kwanza.

Kwa jina la mtu wa kawaida jambo ni kubwa kuliko ladha. Tumaini ni jina la watu pia, wake kwa waume. Mtoto aliyeandikwa Tumaini katika cheti cha kuzaliwa, akaandikwa *Hope* shuleni na *Espérance* katika barua ya ubatizo, ana karatasi tatu za watu watatu, na siku ya kulinganisha karatasi hizo atatakiwa athibitishe kwamba yeye ni mmoja. Katika hati za watu, kwa hiyo, tunawashauri walimu waandikao barua kwa niaba ya wazazi wanakili jina herufi kwa herufi kutoka katika hati ya kwanza, pamoja na alama za Kifaransa zilizo juu ya herufi, na wasirekebishe tahajia hata pale wanapoona kwamba Kiswahili sanifu kingeandika vingine.