Kufungua mfuniko mzito wa chemba kwa mtaimbo bila kuumia mgongo

Msikilizaji, anayekaa Mkuyuni anajua mvua zikinyesha vilimani nini hufuata. Mchanga hushuka na maji hadi tambarare za kando ya ziwa, hujaa kwenye ufa kati ya mfuniko wa chemba na fremu yake, kisha hukauka na kushika kama saruji. Siku choo kinaporudisha maji, ndipo mtu huinama, huingiza vidole kwenye tundu na kuvuta kwa nguvu zote. Mgongo hauendi mbali kwa namna hiyo.

Kwanza tutofautishe chemba. Zile za bomba kuu barabarani ni za MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira Mwanza. Hizo usifungue, toa taarifa. Tunachoeleza hapa ni chemba ya nyumbani kwako.

Tuchukue mfuniko wa duara wa chuma cha kusubu, upana wa sentimita 60. Bamba lenyewe likiwa na unene wa sentimita 2, linafika kilo 40 hivi, na mbavu za chini yake zinaweza kuufikisha kilo 50. Lakini huhitaji kubeba kilo 50. Ukiinua ukingo mmoja, ukingo wa pili bado umelala kwenye fremu, kwa hiyo unainua nusu tu, kilo 25. Mtaimbo hupunguza zaidi. Chukua mtaimbo wa mita 1 na nusu, weka egemeo sentimita 15 kutoka ncha iliyoingia chini ya mfuniko. Upande wako unabaki na sentimita 135, yaani mara 9 ya ule mwingine. Kilo 25 zinakuwa karibu kilo 3 mkononi mwako. Malipo yake ni mwendo: ili ukingo upande sentimita 5, mkono wako lazima ushuke sentimita 45.

Kama hesabu ni hiyo, mbona watu wawili hutoka jasho na mfuniko hausogei? Kinachowashinda ni mchanga na kutu, si uzito. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya mtaimbo. Kwangua ufa wote kwa msumari mrefu au bisibisi, mwagia maji, kwangua tena. Kisha weka kipande cha ubao juu ya ukingo na ukigonge kwa nyundo ukizunguka taratibu. Usigonge chuma moja kwa moja, kwani chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Mfuniko ukibadili sauti, kutoka mlio mzito hadi mlio wa kucheza, umeachia.

Egemeo liwe kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 10, juu ya sakafu imara. Mwanza hatukosi mawe, na ndiyo hatari yenyewe, maana jiwe la mviringo hubiringika mtaimbo ukiwa na mzigo. Ingiza ncha kwenye nafasi iliyoachwa ukingoni mwa mfuniko. Mkono wa mtaimbo utakuwa karibu na kiuno chako. Simama kando yake, usiuweke katikati ya miguu wala usiinamishe uso juu yake, kwa sababu mfuniko ukiachia ghafla mtaimbo huruka. Tanua miguu, nyoosha mgongo, kunja magoti kidogo, na ukandamize kwenda chini kwa uzito wa mwili. Ukijikuta unavuta kwenda juu, egemeo limekaa vibaya; shusha, lipange upya.

Ukingo ukipanda, mwenzako asukume kabari ya mbao chini yake kwa kutumia fimbo. Vidole visiingie hapo hata kidogo. Sogeza mtaimbo, pandisha tena, kisha uburuze mfuniko juu ya mbao mbili hadi pembeni. Kuuburuza kunatosha, hakuna haja ya kuubeba. Mfuniko wa duara hauwezi kutumbukia kwenye tundu lake, lakini wa mraba hutumbukia ukigeuka pembe kwa pembe, kwa hiyo huo ushikiliwe na kamba.

Chemba ikifunguka, simama upande upepo unakotoka, na asiwepo mwenye sigara. Hewa ya majitaka inaweza kuwaka, na ile inayonuka kama yai viza huua pua kabla ya kumuua mtu: harufu ikikoma ghafla, usidhani hewa imekuwa safi. Usishuke ndani, hata kuokota kitu kilichoanguka. Mtu mmoja abaki kulinda watoto wasikaribie.

Kabla ya kurudisha, futa mchanga wote kwenye kiti cha fremu na upake grisi nzito. Ushushe mfuniko kwa mtaimbo ukiwa juu ya kabari, ondoa kabari kwa fimbo, kisha ukanyage kila upande kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa nje. Ukicheza, kuna kokoto imebaki; inua tena uitoe, kwani mfuniko unaocheza hupasuka siku bodaboda inapopita juu yake.